Jina la kuku kwa miaka 5: milioni 100 zitarudi?

*Assalamu alaykum, mama.*

*Mimi ni mwanamke wa miaka 43, naishi Chake Chake. Nina shilingi milioni 100, fungu langu la shamba la urithi tuliloliuza. Kwa sasa ziko kwa shemeji yangu Wete, kwenye biashara yake ya saruji na mabati, kwa mudharaba. Miaka 3 hii zimeniletea faida ya karibu 15 kwa kila 100 kwa mwaka.*

*Kampuni moja ya Dar es Salaam yenye maduka ya kuku wa kukaanga na chipsi inaniuzia franchaizi, yaani haki ya kufungua duka lenye jina lao hapa Chake. Ada ya kuingia ni milioni 30, hairudi. Mitambo na mapambo ya duka kwa namna wanayotaka wao ni milioni 60, na milioni 10 niwe nazo za kuzungushia. Mrabaha ni asilimia 6 ya mauzo kila mwaka, na usipungue milioni 9. Mkataba ni wa miaka 5 tangu siku ya kusaini. Ukimalizika, siruhusiwi kuuza kuku hapa mjini kwa miaka 2.*

*Hesabu waliyonionesha ni hii: mauzo milioni 180 kwa mwaka, ukitoa gharama na mrabaha zinabaki 34. Mara 5 ni 170, toa 100, faida yangu 70. Mdogo wangu ndiye atakayesimamia duka na mshahara wake umo kwenye gharama. Mpwa wangu aliye chuoni ananiambia fedha za miaka 5 hazijumlishwi hivyo, lazima kwanza zipunguzwe kwa asilimia fulani. Mume wangu anauliza, asilimia hiyo si riba? Nao wanataka milioni 10 za kushikia nafasi kabla ya mwisho wa mwezi. Nakuambatishia karatasi yao. Nifanye nini?*

*Mama wa watoto watatu, Chake Chake*

---

Waalaykumu salaam, mwanangu. Milioni 10 usizitume bado. Karatasi yao nimeisoma mara mbili na hesabu nimezifanya upya kwa kalamu. Kwa masharti kama yalivyo, mimi nisingesaini. Nitakueleza kwa nini, na nitakueleza pia ni kitu gani kikibadilika na mimi nitabadilika.

Nianze na mumeo, maana kauliza la maana. Mimi si mtoa fatwa, lakini naweza kukueleza asilimia hiyo inafanya kazi gani. Hakuna anayemkopesha mtu hapa wala anayemtoza mtu. Ni kipimo tu. Fedha zako hazikulala, ziko Wete zinafanya kazi kwenye saruji, na kila milioni 100 inarudi baada ya mwaka ikiwa 115. Basi ukizitoa kule ukazitia kwenye kuku, unaachana na ile 15. Duka la kuku lisipokupa angalau hiyo, umehama pazuri ukaenda pabaya, hata kama kila mwisho wa mwaka unaona noti mkononi. Asilimia 15 ni faida halali unayoiacha nyuma, na ndiyo tunayopimia.

Sasa tazama inavyopima. Kama 100 ya leo ni sawa na 115 ya mwakani, basi milioni 1 utakayoipata mwakani ni sawa na shilingi 870,000 leo, kwa sababu 870,000 ukiziacha kwa shemeji zitafika milioni 1 wakati huo. Milioni ya mwaka wa pili ni sawa na 756,000 za leo. Ya mwaka wa tatu 658,000, ya mwaka wa nne 572,000, na ya mwaka wa tano 497,000, haifiki hata nusu. Huko ndiko kupunguza anakokusemea mpwa wako, na kijana yuko sawa. Ada ya milioni 30 unailipa leo, nzima. Faida unaahidiwa baadaye, na kadiri inavyochelewa ndivyo inavyosinyaa.

Chukua hesabu yao wenyewe bila kuigusa. Milioni 34 kila mwaka kwa miaka 5, ukiirudisha kila moja kwenye thamani ya leo kisha ukajumlisha, unapata milioni 114. Toa 100 unazoweka. Ile faida ya 70 imekuwa 14. Hawakukudanganya katika kujumlisha. Wamehesabu milioni ya mwaka wa tano kama kwamba unaipata leo, basi.

Hata hivyo 14 bado ni faida, na kama mauzo ya 180 yangekuwa ya kweli ningekwambia tukae tujadiliane. Shida yangu ni hiyo 180. Karatasi yao inasema bidhaa, yaani kuku, mafuta, viazi, viungo na maboksi, zinakula 55 katika kila 100 ya mauzo. Kodi ya mlango, mishahara, umeme na gesi ni milioni 36 kwa mwaka, uuze usiuze. Mauzo ya 180 maana yake ni laki 5 kila siku ya Mungu. Sahani ikiwa shilingi 5,000, hizo ni sahani 100 kwa siku, mwaka mzima. Takwimu hizo zimetoka kwenye maduka yao ya Dar es Salaam. Chake wewe unaijua kuliko wao. Mfungo wa Ramadhani duka limefungwa mchana kutwa, na jioni watu wanafuturu majumbani mwao. Wateja utawaona baada ya tarawehe. Halafu kuna karafuu. Mwaka ambao mikarafuu imezaa vizuri, mtoto wa mchumaji anakula kuku katikati ya wiki. Mwaka unaofuata miti ikapumzika, huyo huyo anarudi kwenye muhogo na dagaa. Duka la Dar es Salaam halijui jambo hili na karatasi yao hailijui.

Kwa hiyo mimi nimeweka mauzo ya milioni 150 kwa mwaka wa kawaida, 175 kwa mwaka mmoja wa karafuu nyingi, na 130 kwa mwaka wa karafuu haba. Hizo ni sahani 83 kwa siku kwa mwaka wa kawaida, na bado naona nimekuwa mkarimu.

Mwaka wa kwanza una habari yake, na hapo nataka usome taratibu, kwa sababu mimi mwenyewe niliumia hapo. Nilipostaafu uhasibu nilisaini mkataba wa miaka 3 wa kuuza mikate kwa jina la kampuni moja ya bara. Mkataba ulianza kuhesabu siku ile ile niliyotia saini. Mlango wa duka nikaupata baada ya miezi 2. Oveni ikakaa bandarini Malindi ikisubiri karatasi, ilipotoka fundi wao akawa safarini, alipokuja akasema umeme wa pale hautoshi. Miezi 7 ilikwisha sijauza hata boflo moja. Nililipia jina kwa miezi 36 nikalitumia miezi 29. Siku niliyofungua nilikuwa na furaha hata sikuiona hasara, niliiona mwaka wa tatu waliponiletea barua ya kumaliza mkataba wakati wateja ndio kwanza wamezoea.

Mkataba wako nao unahesabu tangu kusaini. Mitambo itoke Dar es Salaam, ipakiwe melini, ishuke Mkoani, ipandishwe lori hadi Chake, vibali vitoke, wafanyakazi wafundishwe. Nimekuwekea miezi 5. Zinabaki miezi 7 ya kuuza, na duka changa haliuzi kama duka lililozoeleka, kwa hiyo nimeandika mauzo ya milioni 70. Ukitoa bidhaa zinabaki 31.5. Kodi ya mlango unalipa mwaka mzima, mishahara miezi 7, jumla kama 24. Zinabaki 7.5. Asilimia 6 ya 70 ni milioni 4.2, lakini hutalipa 4.2. Utalipa 9, kwa sababu ya yale maneno madogo "usipungue". Mwaka wa kwanza umekula hasara ya milioni 1.5.

Miaka mingine, kwa hesabu ile ile, inakupa 22.5 mwaka wa pili, 32 mwaka wa tatu kama ndio wa karafuu, na 13.5 mwaka wa nne. Mwaka wa tano unakupa 22.5, na hapo naongeza milioni 10 za majokofu, mitambo na bidhaa utakazouza ukifunga. Jumlisha zote kienyeji: unapata milioni 99. Uliweka 100. Miaka 5 ya jasho la mdogo wako, na fedha haijarudi yote. Ukizirudisha kwenye thamani ya leo zinakuwa karibu milioni 61. Kwa maneno mengine, ukisaini leo kwa masharti haya, umejipunguzia milioni 39 ukilinganisha na kuziacha pale Wete. Na kodi ya mapato sijaitoa.

Mpwa wako akitaka kuihakiki kwenye Excel, aandike -100 kwenye B1 na fedha za miaka mitano kuanzia B2 hadi B6, kisha:

```
=B1+NPV(0.15,B2:B6)
```

Amakinike kwamba B1 inakaa nje ya mabano. Excel huchukulia kuwa namba ya kwanza iliyo ndani ya NPV inapatikana mwisho wa mwaka. Akiitia hiyo -100 ndani ya mabano, mashine itadhani fedha unailipa mwakani, na hasara itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Nimezungumzia duka zima mpaka hapa. Swali lenyewe la franchaizi liko kwingine, na watu wengi hawalifikii. Kuuza kuku Chake unaweza bila ya jina la mtu. Kwa hiyo usiulize tu "duka hili litalipa?" Uliza "jina hili litaniongezea nini juu ya kile ambacho ningekipata mwenyewe?" Kinachouzwa hapa ni jina, kuku utanunua kwa fedha nyengine.

Tuseme ufungue duka lako, jina lako. Mitambo ile ile ya kukaangia, lakini huna haja ya kuta zenye rangi yao na viti vinavyotoka kwa fundi wao. Nakadiria milioni 45 badala ya 60, na 10 za kuzungushia, jumla 55. Mauzo yatakuwa madogo, tuseme 120 kwa mwaka, sahani 67 kwa siku. Toa bidhaa, toa ile 36, zinabaki 18 kila mwaka, hakuna mrabaha. Thamani ya leo ya miaka 5, pamoja na milioni 10 za vifaa mwishoni, ni kama 65. Ulitoa 55. Umepata milioni 10 juu ya kile ambacho Wete ingekupa, na hata mwaka wa kwanza ukienda vibaya ukakupa 10 badala ya 18, bado unabaki juu kwa milioni 3. Huo si utajiri. Lakini mwaka wa sita duka ni lako, na mwaka wa saba ni lako pia. Kwenye mkataba wao mwaka wa sita hauna jina, wala huruhusiwi kuuza kuku mjini kwako. Wateja uliowalea miaka 5 utawaachia atakayekuja baada yako na jina lile lile.

Sasa tulipime jina peke yake. Kulipata kunakugharimu leo milioni 45 zaidi ya duka lako mwenyewe: 30 za ada na 15 za mapambo. Ukizigawa kwa miaka 5 kwa kipimo chetu cha 15, ni kama milioni 13.4 kila mwaka. Juu yake kuna mrabaha, ambao unakatwa kwenye mauzo yote, hata kwa mteja ambaye angekuja kwako bila jina. Katika kila 100 ya mauzo ulikuwa unabakiwa na 45 baada ya bidhaa, sasa unabakiwa na 39. Ili 39 hiyo ilipe 13.4 na ikufikishe pale pale ambapo duka lako la 120 lingekufikisha, mauzo lazima yawe milioni 173. Kwa siku hiyo ni kama laki 4 na elfu 80. Jina lazima likuletee sahani 30 za ziada kila siku, kuanzia siku ya kwanza, Ramadhani kwa Shaabani. Na ukiwaamini kabisa kwamba utauza 180, jina limekuzidishia mauzo ya milioni 7 tu juu ya mstari huo. Faida ya mauzo hayo kwako haifiki milioni 3 kwa mwaka.

Hizo sahani 30 ndizo unazotakiwa kuzichunguza. Keti karibu na stendi au soko la Chake jioni tatu tofauti: moja baada ya mishahara kutoka, moja katikati ya mwezi, moja Ijumaa. Tangu Alasiri hadi usiku wa saa 5, hesabu pakiti zinazotoka kwa wauza chipsi waliopo. Usimuulize mwenye duka, hesabu kwa macho na uandike. Kisha waulize wanunuzi kumi, kumi na tano, kama jina la kampuni hiyo wamewahi kulisikia na kama wangelipa elfu moja zaidi kwa ajili yake. Wanaosafiri kwenda Dar es Salaam mara kwa mara huenda wakasema ndiyo. Sikiliza wale wasiosafiri, maana ndio watakaokuja kila wiki.

Upande wa kampuni, waombe namba za watu wawili walio na duka lao katika mji mdogo, na mmoja ambaye mkataba wake umekwisha au aliyeacha. Wakikupa wa Kariakoo tu, rudi uombe tena. Nchi kama Marekani inamlazimisha muuzaji wa franchaizi kukupa kitabu cha taarifa za biashara angalau siku 14 kabla hujasaini wala kulipa. Kwetu hatuna sheria mahsusi ya namna hiyo, kwa hiyo usipouliza hakuna atakayekuuliza kwa niaba yako. Mtu aliyeacha ndiye mwalimu wako. Muulize mambo mawili: alifungua miezi mingapi baada ya kusaini, na viungo alikuwa akivinunua kwa bei gani.

La viungo lina uzito wake. Mkataba kama huu kwa kawaida unakubana ununue unga wa viungo na maboksi kwao peke yao. Katika karatasi yao 55 ya bidhaa ni bei ya Dar es Salaam, nauli ya meli haimo. Nauli na hasara ya njiani zikiifanya 55 kuwa 58, kwa mauzo ya 150 umepoteza milioni 4.5 kila mwaka. Nimewahi kuona katoni za viungo zikishushwa zimelowa chini, unga umeganda kama udongo wa ufinyanzi, na risiti inasema bidhaa imepokewa salama kwa sababu mpokeaji alitia saini kabla ya kufungua. Basi sharti lao la kununua kwao liende pamoja na bei iliyoandikwa na mzigo ukabidhiwe Chake. Wakikwambia wewe uupokee Dar es Salaam, kataa.

Na kuna kodi iliyojificha kwenye mrabaha. Sheria ya kodi ya mapato inamtaka anayelipa mrabaha katika biashara akate asilimia 15 aipeleke TRA. Mkataba ukisema mrabaha ulipwe "kamili, bila makato yoyote", kodi yao umeibeba wewe. Milioni 9 inakuwa karibu 10.6. Tafuta maneno hayo, na yakiwemo yafutwe. Hali kadhalika iandikwe wazi kwamba mauzo yanayokokotolewa mrabaha ni mauzo baada ya kutoa VAT. Usilipe mrabaha juu ya fedha ambayo ni ya ZRA.

Zamani kwetu mwanafunzi akihitimu ufundi alimpa fundi wake kilemba. Alitoa kilemba akiwa tayari ana kazi mikononi. Ada ya milioni 30 kabla hata mtambo haujawashwa imekipindua kilemba hicho, na ndiyo maana nafasi yako ya kujadiliana iko sasa tu, kabla hujatoa senti.

Ukijadiliana, usianze na kupunguziwa ada kama kila mtu anavyofanya. Anza na muda. Nimehesabu kila sharti peke yake. Miaka 8 badala ya 5 inakuongezea thamani ya kama milioni 24. Ada kushuka kutoka 30 hadi 20 inakuongezea 10. Kuondoa ule mrabaha wa chini wa milioni 9, walipwe asilimia 6 ya kile kilichouzwa kweli, inakuongezea karibu 5. Mkataba kuhesabu tangu siku ya kufungua duka inakuongezea kama 3. Ukivipata vyote vinne, ile hasara ya 39 inafutika na hesabu inavuka sifuri kwa milioni 2 au 3, na huo ndio mstari ambao chini yake huendi. Na kumbuka kwamba katika miaka 8 jokofu moja au mtambo mmoja utaubadilisha, na hilo sikulitoa. Kwa hiyo hata ukishinda kila hoja, bado umefika tu pale ambapo duka lako mwenyewe, hata likianza vibaya, lingekufikisha kwa milioni 55, nawe umeweka 90.

Lile la kutouza kuku kwa miaka 2 waambie liondoke kabisa, au libaki kwenye viungo vyao na jina lao tu. Usipolitoa, mwisho wa mkataba watakuwa na wewe mkononi: ulipe ada mpya kwa bei watakayoitaka au ufunge mlango. Na mkataba wa mlango wa duka uandikwe kwa jina lako wewe, si lao, na usipite muda wa mkataba wa franchaizi. Nimeona mtu amemaliza jina mwaka wa tano na kodi ya mlango inamdai hadi wa saba.

Kuhusu duka lako mwenyewe, silikusudii kama njia ya mkato. Mdogo wako anajua kukaanga kuku wa nyumbani. Kukaanga sahani 70 kwa siku, kila moja ladha moja, ni kazi nyengine. Mpeleke miezi 3 akafanye kazi jikoni kwa mtu, Unguja au Dar es Salaam, hata kwa mshahara mdogo. Ukimlipia chakula na malazi ni kama milioni 2. Huo ndio ujuzi ambao kampuni inakuuzia ndani ya zile 30, na sehemu yake kubwa utaupata hivyo. Usichoweza kukipata ni jina, na jina tumeshalipima kuwa ni sahani 30.

Kabla ya mwisho wa mwezi waandikie barua fupi. Uwaambie utalipa milioni 10 za kushikia nafasi kwa sharti moja, zirudi zote ndani ya siku 30 usiporidhika na mkataba, na sharti hilo litiwe saini nao kwanza. Taja miaka 8 tangu siku ya kufungua, ada 20, mrabaha wa asilimia 6 bila kima cha chini, na kifungu cha kutouza kuku kiondoke. Usiwaeleze hesabu yako. Huku ukisubiri jibu, nenda stendi ukahesabu pakiti, na fedha za Wete mwambie shemeji aendelee nazo. Ukishapata jibu lao niandikie na uniletee zile jioni tatu ulizohesabu, nikufanyie namba upya kwa mauzo ya Chake badala ya makisio yangu.